Nilimwandikia mteja "Mambo vp boss", akaniuliza mimi ni nani

Shangazi, shikamoo.

Napiga picha za bidhaa. Nina kamera, taa mbili na simu, basi. Kazi zote hadi sasa nimezipata kwa watu wanaonijua. Mwezi huu nikaamua kuwatafuta wateja nisiowajua, nikaanza na karakana za samani. Ujumbe wangu ulikuwa huu:

"Mambo vp boss. Nimecheki peji yenu mko vzr xana ila picha znazingua kdg, zna giza. Mm ni mpiga picha wa bidhaa nna mashine kali. 2naeza kuwafanyia ki2 cha maana, bei ze2 za kishkaji 2. Ukiwa na mzigo mwingi 2nashusha. Nchek bac 2yajenge."

Nilimtumia mmoja peke yake, halafu wengine sita nikawatumia kwa mkupuo kwa ile Broadcast ya WhatsApp. Yule wa kwanza alijibu maneno mawili: "Wewe nani?" Niliona aibu, sikumjibu. Leo ni siku ya nne. Wale sita, kimya.

Dada yangu ni karani. Aliusoma akashika kichwa, akaniandikia mwingine unaoanza: "YAH: MAOMBI YA KUTOA HUDUMA YA UPIGAJI PICHA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kuchukua fursa hii adhimu..." Nikiusoma najiona nimevaa koti la mtu. Na hao mafundi wenyewe kwenye kurasa zao wanaandika "Mzigo mpya umetua wakuu, wahi chap!" Nikiwaandikia kama naomba kibali serikalini, si nitawatisha? Nibaki na lugha yangu, nichukue ya dada, au tatizo wala si lugha?

— Kamera Moja, Taa Mbili

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na wale sita, maana nadhani unawalaumu bure, na unajilaumu bure. Fungua simu uangalie alama za vema kwenye ujumbe uliowatumia. Ujumbe wa Broadcast humfikia mtu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake tu. Hao hawakujui, namba yako wangeihifadhi kwa lipi? Ukikuta kila mmoja ana alama moja tu ya kijivu, ujue huenda ujumbe haukufika kabisa. Kwa hiyo ushahidi ulio nao kuhusu lugha yako unatoka kwa mtu mmoja, na huyo mmoja alijibu. Nitarudi kwake mwishoni.

Sasa hao mafundi na "wakuu, wahi chap" yao. Hapo umeona jambo la kweli, ila nadhani umelisoma kwa haraka. Muuza kabati anaposema hivyo anawaita wateja wake, watu waliokwisha kumfuata wenyewe na kumzoea. Wewe si mteja wake. Wewe unakuja kumuuzia yeye kitu, na mtu anayetaka kukuuzia kitu unamtazama kwa jicho jingine hata kama mnaongea lugha moja. Kauli yake inakupa habari nyingine iliyo na faida: kwamba hapendi ukakamavu, na kwamba "fursa hii adhimu" ya dada yako itamchosha kabla hajafika mstari wa pili. Inakuonyesha mazungumzo yenu yanaweza kulegea kiasi gani baadaye. Kuhusu salamu ya kwanza, haikuambii kitu.

Halafu nakuomba utenganishe mambo mawili uliyoyafunga pamoja: vifupisho na maneno ya mtaani. Hayana tabia moja.

Vifupisho sina mengi ya kuvisemea. Chukua hiyo namba 2 yako. Kwenye "2naeza" ni sisi. Kwenye "ki2" ni silabi tu. Kwenye "za kishkaji 2" ni "tu" ya kusema basi, si zaidi. Rafiki yako anaisoma bila kufikiri. Mgeni anasimama, anarudi nyuma, anaisoma tena, na huyo ni mtu mwenye vumbi la mbao mikononi ambaye hakuomba kukusoma. Lakini kuna jambo lililonifurahisha nilipouandika ujumbe wako kwa maneno kamili. "2naeza" ikawa "tunaweza", nami nikajiuliza: nyie akina nani? Umeniambia una kamera, taa mbili na simu. Uko peke yako! Kifupisho kilikuwa kimeficha hilo, labda hata kwako mwenyewe. Ukiandika "naweza" umeshamwambia ukweli, na siku utakapofika mlangoni kwake peke yako hatauliza wenzako wako wapi.

Maneno ya mtaani ni kesi nyingine, na sitaki uyafute kwa sababu tu dada yako ameshika kichwa. Miaka mingi nilikaa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kazi yangu ikiwa kupokea jumbe za watu waliotaka tuwape kazi. Nilikuwa na neno moja nililowauliza moyoni kila niliposoma: "Yaani?" Jaribu nawe. Mashine kali, yaani? Kitu cha maana, yaani? Bei za kishkaji, yaani? Picha zinazingua, yaani? Ukiuliza hivyo mara nne, ujumbe wako wote unayeyuka mkononi. Kinachobaki ni kwamba wewe ni mpiga picha wa bidhaa.

Kwa washikaji zako maneno hayo yanatosha kwa sababu wao wameshaona picha zako. Ukisema "kali", wanakumbuka ile picha ya mwezi uliopita, maana inajijaza yenyewe. Mgeni hana cha kujazia. Na usicheke bado, chukua ujumbe wa dada yako uuulize swali lile lile. "Huduma bora na ya kisasa", au vyovyote alivyoendelea kuandika baada ya hiyo fursa adhimu: yaani? Nao unayeyuka. Ndiyo maana nasita ukiniuliza uchague wako au wake. Naona zote mbili zina shimo mahali pale pale, moja limefunikwa kwa kanga na jingine kwa suti.

Kwa hiyo kuuandika upya kwangu si kutafuta neno la heshima kwa kila neno la mtaani. Ukifanya hivyo "mashine kali" itakuwa "vifaa vya hali ya juu", na utakuwa umebadilisha kanga kwa suti. Kazi ni kujibu hizo "yaani" moja moja. Twende pamoja.

Mashine kali. Je, fundi samani anahitaji kujua kamera yako? Anachotaka ni kuona kabati lake likionekana. Kwa hiyo sentensi hiyo yote inaweza kuondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na picha mbili ulizopiga wewe: moja ya kitu kizima, moja ya karibu inayoonyesha mbao zilivyoungana au nakshi ilivyochongwa. Maneno yatangulie, picha zifuate. Zitume kama picha za kawaida. Najua wapiga picha mnapenda kuzituma kama faili ili ubora usipungue, na ni kweli WhatsApp huzibana zikitumwa kawaida, lakini faili lazima mtu alifungue, na mgeni hafungui faili la mgeni. Zile safi utampa akishakuwa mteja. Na kama hujawahi kupiga samani, tuma picha za ulichowahi kupiga na useme wazi kuwa samani itakuwa mara ya kwanza. Utawakosa baadhi, lakini hutabanwa na swali baadaye.

Picha zinazingua, zina giza. Hapa ndipo nilipokunja uso, na si kwa sababu ya neno "zinazingua". Hata ungeandika "zina kasoro" ningekunja vilevile. Hujui nani alizipiga. Pengine ni mwenye karakana mwenyewe, pengine ni mwanawe anayejivunia kazi hiyo. Na tena, "giza" ni lawama isiyo na faida kwake, haimwambii giza limetoka wapi. Wewe unajua. Chagua bidhaa moja kwenye ukurasa wake uitazame. Tuseme ni kabati la milango mitatu lililopigwa likiwa mbele ya dirisha. Simu imeupima mwanga wa dirishani, ikapunguza mwanga wa picha nzima ili dirisha lisichome, uso wa kabati ukabaki kivulini. Ukimwambia hilo kwa sentensi moja, umempa kitu anachoweza kukitumia leo hata asipokuita. Wapo watakaochukua dokezo hilo, wageuze kabati liangalie dirisha, na wasikujibu kamwe. Hiyo ni hatari ya kweli. Njia nyingine ni kuacha kasoro kabisa, ukaitaja nakshi uliyoipenda na kusema ungependa ionekane kwa karibu. Hiyo ni laini zaidi, ila haimwonyeshi kuwa unajua kazi. Mimi ningechagua kwa kuangalia ukurasa wenyewe: kama picha zake zinaonyesha mtu aliyejitahidi, ningeenda na ile laini.

Bei za kishkaji tu, na ukiwa na mzigo mwingi tunashusha. Mwanangu, umeshusha bei kabla hujaulizwa bei! Umeshusha mara mbili ndani ya sentensi mbili. Na "kishkaji" kwa mtu asiye mshikaji wako ina tafsiri mbaya: ama utamtoza kidogo sana kwa sababu kazi yako ni ndogo, ama kuna bei nyingine ya wasio washikaji ambayo ndiyo yake. Unaweza kutotaja bei kabisa, ukangoja aulize, ingawa wengine wasipoona bei hudhani ni kubwa wakapita. Unaweza kutaja bei ya bidhaa moja na kile kinachoingia humo, tuseme picha tatu zilizosafishwa, ingawa atailinganisha na watu usiowajua na hutakuwepo kujitetea. Au unaweza kujitolea kumpigia bidhaa moja bila malipo aone. Nimewaona waliofanikiwa kwa hilo, na nimewaona walioitwa kupiga "moja" wakakuta tisa zimepangwa uani. Ukienda huko, andika idadi: bidhaa moja, picha tatu. Mfuko wako unaujua wewe, siwezi kukuamulia.

Ncheki basi tuyajenge. Hili nalipenda, lina joto. Shida yake ni kwamba linamwachia yeye kazi yote. Akucheki aseme nini? Hujamuuliza kitu. Mtu mwenye shughuli akikosa swali la kujibu anaweka simu chini, na si kwa ubaya. Malizia kwa swali analoweza kulijibu kwa neno moja huku ameshika msumeno. Swali la "je, mngependa kuboresha mwonekano wa bidhaa zenu?" usiliulize, kwa sababu jibu lake la haraka ni hapana. Muulize kama ni yeye anayeshughulikia picha au kuna mwingine. Hilo hata asiyetaka kununua hulijibu, maana kujibu hakumfungi.

Nimeiacha salamu mwisho makusudi, ingawa ndiyo inayotangulia, kwa kuwa watu huanza hapo na kudhani wamemaliza. "Mambo vipi" ni salamu ya rika, inangoja "poa". Asiye rika lako hajui pa kuiweka. "Boss" nayo ni bahati nasibu, huenda anayeshika simu ni kijana wa mapokezi, huenda ni mama mwenye karakana. Na ukumbuke kwamba ujumbe ukiingia, simu yake inaonyesha maneno ya mwanzo tu. Ya kwako yalikuwa "Mambo vp boss. Nimecheki peji", kutoka namba asiyoijua. Kwa macho yake huyo anaweza kuwa yeyote, hata tapeli. "Habari za kazi" inamfaa kila mtu, ni fupi, na jina lako likiifuata mara moja litaonekana kabla hajafungua. (Shikamoo uliyonipa mimi nimeipokea kwa mikono miwili, lakini usimwandikie usiyemjua. Unaweza kuta ni mdogo wako.) Kisha waandikie kwa wingi: mnatengeneza, ukurasa wenu, kwenu. Wingi huo una heshima ndani yake na unakuepusha kukisia umri, jinsia na cheo.

Ukiviweka pamoja unaweza kupata kitu kama hiki, ukakigeuza unavyotaka:

"Habari za kazi. Naitwa (jina lako), ni mpiga picha wa bidhaa. Nimeona kwenye ukurasa wenu lile kabati la milango mitatu, nakshi zake nimezipenda. Naona limepigwa mbele ya dirisha, kwa hiyo uso wake umeingia kivulini na nakshi hazionekani vizuri. Nawatumia picha mbili za meza niliyoipiga mwezi uliopita, moja ni ya karibu. Mkipenda, naweza kuwapigia bidhaa moja, picha tatu, bila malipo, mwone tofauti. Je, ni wewe unayeshughulikia picha hapo, au niwasiliane na mwingine?"

Ni mrefu kuliko wako, na hilo linaweza kukutia wasiwasi. Usome kwa sauti. Kama kuna sentensi usingeweza kuitamka ukiwa umesimama mlangoni kwake, iondoe, hiyo si yako. Mimi nikiusoma nasikia kijana anayeongea taratibu kidogo kuliko kawaida yake, si mtu mwingine. Lakini wewe ndiye unayejua sauti yako. Kama "nimezipenda" kwako ni "nimezikubali", iandike hivyo, hakuna atakayekosa kukuelewa. Ona kwamba neno la mtaani likijibu "yaani" halinisumbui.

Ila usiunakili huu ukawatumia wote sita kwa mkupuo mwingine. Kabati la milango mitatu ni la mmoja tu. Kila karakana inahitaji dakika zako kumi za kutazama ukurasa wake, na kwa dakika hizo unaweza kugundua kwamba mbili kati yao picha zao ni nzuri tayari na huna cha kuwauzia.

Akijibu "Poa kaka, njoo Jumanne", basi amekufungulia mlango wa lugha mwenyewe. Mfuate, hatua moja nyuma yake. Yeye akisema poa, nawe sema sawa kaka, Jumanne saa ngapi. Vifupisho viache bado, hasa kwenye siku, saa, idadi na malipo, kwa sababu hapo ndipo "2" inapoweza kugeuka kuwa ugomvi: je, ni picha mbili, au ni picha tu? Ule wa dada yako usiufute, uweke. Ipo siku taasisi itakuambia ulete maombi kwa barua, na hiyo YAH utaihitaji, ukishaziba mashimo yake.

Turudi kwa yule aliyeuliza "Wewe nani?" Wewe ulisikia mlango ukifungwa. Sauti yake sikuisikia, na maandishi hayana sauti, kwa hiyo huenda umesikia sawa. Lakini ukiyasoma maneno yenyewe, ameuliza swali ambalo ujumbe wako kweli haukulijibu, maana jina lako halimo. Kati ya watu saba, yeye ndiye pekee tunayejua kwamba alikusoma, na bado anangoja jibu, au ameshasahau. Unaweza kumwacha, siku nne si haba, na kumrudia kutakuchoma kidogo. Ukiamua kumrudia, mistari miwili inatosha, bila visingizio:

"Habari za kazi. Samahani, nilikuandikia bila kujitambulisha, tena nimechelewa kukujibu. Naitwa..."

Hapo jaza mwenyewe.

— Shangazi